Dawa za mama watoto hazikutoshi: UTI ya mwanaume na tezi dume

"Daktari, mama watoto alipewa dawa za siku tano akapona kabisa. Mimi mbona unaniandikia wiki mbili?" Swali hili nimeshalisikia mara nyingi mno, na kibaya zaidi, anayeuliza huwa ameshameza vidonge vya mkewe vilivyobaki kabatini. Mwenye duka la dawa naye humwambia UTI ni UTI. Siyo kweli, na nataka nieleze kwa nini, taratibu.

Jibu ambalo wengi wanalo ni la urefu wa mrija wa mkojo. Wa mwanamke una sentimita kama 4, wa mwanaume unakaribia 20, kwa hiyo vijidudu vinamfikia mwanamke kibofuni kwa urahisi. Ni sahihi, lakini hilo linajibu swali jingine: kwa nini wanawake wanaugua mara nyingi kuliko sisi. Halisemi lolote kuhusu siku za dawa. Tena ukilifikiria vizuri linapaswa kumtia mwanaume wasiwasi. Kama njia yake ni ndefu hivyo na bado vijidudu vimepanda hadi juu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kitu fulani kimevisaidia.

Kinachoongeza siku ni tezi dume. Tezi hii imekaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake kama uzi unavyopita ndani ya shanga. Mkojo wenye vijidudu ukipita hapo, vinaingia kwenye vijifereji vya tezi na kujificha. Sasa dawa inayoua vijidudu ndani ya mkojo si lazima ivifikie vilivyo ndani ya tezi, maana kati ya damu na tezi kuna ukuta wa seli zilizobanana, wenye mafuta. Dawa isiyopenya mafuta inabaki nje.

Chukua nitrofurantoini, dawa nzuri sana ya kibofu cha mwanamke. Figo zinaichuja haraka na kuimwaga kwenye mkojo, ambako inakuwa kali na kufanya kazi yake barabara. Kwenye nyama ya tezi dume haifiki kwa kiwango cha kuponya. Ndiyo maana ilimponya mkeo kwa siku tano, na ndiyo maana kwako itapunguza kuungua halafu ugonjwa urudi. Amoksisilini nayo hupenya kwa shida. Vidonge vinavyopenya vizuri ni sipro na septrini, ingawa septrini imechoka: maabara zetu nyingi zinaonyesha vijidudu vya mkojo vimeshaizoea.

Kuna jambo hapa ambalo hata wenzangu hulipita haraka. Tezi ikiwa imevimba kwa maambukizi mapya, ule ukuta unavuja. Wakati huo hata dawa ambazo kwa kawaida hazipenyi, kama sindano za seftriaksoni, zinaingia na kufanya kazi. Mgonjwa anapata nafuu siku ya pili au ya tatu. Uvimbe unapungua, na ukuta unaanza kujifunga tena. Vijidudu vilivyosalia vinabaki ndani, dawa nje. Mgonjwa anajiona mzima, anaacha vidonge siku ya nne na kurudi shambani. Wiki tatu baadaye mkojo unaungua upya, anaambiwa ana "UTI sugu", anaandikiwa dawa nyingine ya siku tano, na mzunguko unaendelea. Ukiotesha mkojo wake, yaani kuvikuza maabara vijidudu vilivyomo ili kuvitambua, utakuta mara nyingi ni kijidudu kilekile. Hakuambukizwa tena wala mkewe hakumrudishia. Ugonjwa ulikuwa haujatoka.

Basi siku ngapi? Hapa niseme ukweli kwamba namba zetu si za mbinguni. Kwa miaka mingi tuliandika siku 14 kwa kila mwanaume kwa sababu tulifundishwa hivyo. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa kwa wanaume wenye dalili za mkojo lakini wasio na homa, wakitumia sipro au septrini, na siku 7 zilifanya kazi sawa na 14. Mwaka 2023 ukachapishwa wa Ufaransa kwa wanaume wenye homa, wakitumia ofloksasini, dawa ya ukoo mmoja na sipro, na siku 7 zilishindwa waziwazi na siku 14. Kwa hiyo mwanaume anayeungua tu anapokojoa, bila homa, namwandikia siku 7. Mwenye homa, siku 14. Tezi ikiwa inauma sana kwa kuguswa, wengi wetu tunafika hadi wiki 4, na nakiri kwamba mpaka huo unategemea zaidi mazoea ya daktari kuliko ushahidi.

Lakini neno "bila homa" lina mtego wake. Mtu anatoka Makete au Mbozi alfajiri akiwa amemeza panadol mbili ili aweze kupanda gari. Akifika kipimajoto kinasoma nyuzi 36.8. Hiyo si "bila homa". Muulize kama usiku alitetemeka mpaka meno yakagongana, kama aliloa jasho, na alimeza nini asubuhi. Akikubali alitetemeka, mhesabu kuwa na homa.

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Mzee wa miaka 61, mkulima wa viazi pande za Uyole. Mkojo ulianza kumuunguza, akanywa nitrofurantoini ya mkewe siku tano. Kuungua kulipungua, kisha homa ikapanda: nyuzi 38.9, kutetemeka, maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Ukimdadisi anasema mwaka mzima sasa mkojo unatoka kwa mkondo dhaifu na usiku anaamka mara nne. "Nilijua ni baridi ya hapa kwetu, daktari." Ni kweli baridi ya Juni na Julai inamwamsha mtu kukojoa. Ila baridi haidhoofishi mkondo, na haiendelei hadi Novemba.

Kwanza mkojo wa kuotesha, kabla ya dawa yoyote mpya. Mwanzo wa mkojo unamwagwa, wa katikati unakingwa kwenye chupa safi ya maabara, na unafika maabara ndani ya saa mbili au unawekwa kwenye friji. Kwa mwanaume mwenye dalili, hata vimelea 1,000 vya aina moja kwa mililita vina maana, msisubiri 100,000. Pili, tezi inapimwa kwa kidole, kwa upole na mara moja tu. Tezi yake ni ya moto, imejaa, na anaruka akiguswa. Kuikamua tezi katika hali hiyo ni marufuku, maana unaweza kuvisukuma vijidudu kwenye damu. Tatu, sukari na kazi ya figo. Nne, utrasaundi mara tu baada ya kukojoa. Kibofuni zimebaki mililita 180, wakati kibofu kikimwaga vizuri hubaki kidogo sana.

Analazwa na kuanza seftriaksoni gramu 1 kwa siku. Siku ya tatu homa imekwisha na majibu yametoka: kijidudu ni Escherichia coli, septrini haiigusi, sipro inaiua. Anahamia sipro miligramu 500 mara mbili kwa siku, na kwa kuwa tezi iliuma vile, siku zote kwa pamoja zinakuwa 28. Anaongezewa tamsulosini miligramu 0.4 kila usiku ili njia ilegee na kibofu kimwage.

Na chai ya maziwa? Sipro na maziwa havipatani. Kalsiamu inaikamata dawa tumboni na sehemu yake haiingii kwenye damu. Hilo ni tatizo la kweli kwa watu wa Rungwe na Njombe, ambako maziwa na mtindi viko mezani asubuhi na jioni. Kidonge kimezwe kwa maji, angalau saa mbili kabla ya maziwa, vidonge vya damu au dawa ya kiungulia, au saa sita baada yake. Dawa hii pia ina madhara yake: maumivu ya ghafla nyuma ya kisigino ni sababu ya kuiacha na kurudi hospitali siku hiyohiyo, na mwenye kisukari apime sukari yake mara kwa mara.

Kama angefika na kibofu kimejaa na mkojo umegoma kabisa, hilo ni la dharura, si la kuandikiwa vidonge. Na kama homa isingeshuka ndani ya saa 72, utrasaundi ingerudiwa kutafuta jipu ndani ya tezi.

Sasa, nani atafutiwe chanzo? Madaktari hatukubaliani kuhusu kijana wa miaka 28 aliyeungua mara moja, bila homa, akapona kwa siku 7. Wengine wanampima kila kitu. Mimi naotesha mkojo, napima sukari, na namwacha aende, nikimwambia arudi ikijirudia. Wengine wote natafuta: mwenye homa, aliyeugua mara ya pili, mwenye mkondo dhaifu, mwenye maumivu ya ubavuni, na mwenye damu kwenye mkojo inayobaki baada ya maambukizi kuisha. Mara nyingi chanzo ni tezi iliyokua na kuacha mkojo kibofuni, kama kwa mzee wetu. Kwa mwanaume wa miaka 35 mwenye mkondo mwembamba kama uzi, fikiria mrija uliobana kwa kovu, baada ya kisonono cha zamani au mpira wa mkojo aliowahi kuwekewa. Damu inayotoka mwishoni mwa mkojo kwa mtu aliyekulia mwambao au Kanda ya Ziwa inaweza kuwa kichocho.

Na si kila "seli za usaha" kwenye karatasi ya maabara ni UTI. Kijana mwenye ute au usaha kwenye ncha ya uume, nguo ya ndani ikiwa na madoa, ana kisonono au klamidia mpaka ithibitishwe vingine. Dawa zake ni nyingine, na hapo mwenzi wake lazima atibiwe. Mwenye seli za usaha nyingi ambaye mkojo wake ukioteshwa hauoti kitu, tena na tena, apimwe kifua kikuu cha figo. Huyo usiendelee kumpa sipro, kwa sababu inakitibu kifua kikuu nusu-nusu na kukificha.

Mzee wetu akimaliza dawa arudi baada ya wiki moja au mbili mkojo uoteshwe tena, na utrasaundi irudiwe kuona kama zile mililita 180 zimepungua. Kipimo cha PSA, kile cha damu cha kutafuta saratani ya tezi dume, kisifanywe sasa. Tezi iliyovimba kwa maambukizi hupandisha PSA sana, na watu hutishwa na saratani wasiyokuwa nayo. Subiri wiki 6 hadi 8, ndipo kipimwe. Na ile karatasi ya majibu ya kuotesha aitunze kwenye daftari lake la kliniki: ikijirudia, kitu cha kwanza nitakachotaka kujua ni kama kijidudu ni kilekile.