Kukagua uthibitisho kwamba √2 si namba wiano

Namba wiano ni ile inayoandikika kama sehemu a/b, a na b zikiwa namba kamili na b isiwe sifuri. Je, √2 inaandikika hivyo? Jaribu 7/5: kipeo chake cha pili ni 49/25, pungufu kidogo ya 2. Jaribu 17/12: unapata 289/144, imezidi kwa 1/144 tu. Unaweza kukesha ukijaribu, lakini sehemu moja kukosa hakukuambii kwamba ijayo nayo itakosa. Ndiyo maana tunatumia ukinzani: tunakubali kwanza kwamba sehemu hiyo ipo, halafu tunaona kauli hiyo inavyojipinga yenyewe.

Basi tuseme √2 = a/b, na sehemu hii imeshapunguzwa hadi mwisho, yaani hakuna namba zaidi ya 1 inayogawanya a na b kwa pamoja. Sharti hili halimwonei mtu, kwa sababu sehemu yoyote hupunguzika, kama 6/4 inavyokuwa 3/2. Lakini usilisahau. Bila hilo, hesabu yote inayofuata itakuwa sahihi na bado hutapata ukinzani wowote.

Tukiweka kipeo cha pili pande zote mbili, tunapata a² = 2b². Kwa hiyo a² ni namba shufwa.

Hapa wengi huandika "basi a ni shufwa" na kusonga mbele. Ni kweli, ila inadai sababu. Kama a ingekuwa witiri, tungeiandika 2k + 1, na kipeo chake cha pili kingekuwa 4k² + 4k + 1. Vijenzi viwili vya mwanzo ni shufwa, ukiongeza 1 unapata witiri. Lakini a² ni shufwa, kwa hiyo a haiwezi kuwa witiri.

Sasa andika a = 2m. Tunapata 4m² = 2b², yaani b² = 2m². Kwa sababu ileile, b nayo ni shufwa. Kumbe 2 inagawanya a na b zote mbili, ilhali tulisema sehemu imepunguzwa hadi mwisho. Huo ndio ukinzani.

Mimi hupenda kuujaribu uthibitisho huu kwa kuweka 4 mahali pa 2. √4 ni 2, namba wiano kabisa, hivyo lazima hoja ikwame mahali fulani. Tunapata a² = 4b², kwa hiyo a² inagawanyika kwa 4. Je, a nayo inagawanyika kwa 4? Si lazima: 36 inagawanyika kwa 4, lakini 6 haigawanyiki. Hoja imekwama palepale ambapo wengi huruka. Weka 3, nayo inapita: namba ikigawanywa kwa 3 ikabaki 1 au 2, kipeo chake cha pili hubakisha 1, hakibakishi sifuri kamwe.