Daftari la makosa: hasi ileile katika mada tatu

Wanafunzi wengi wanaokuja kwangu kwa tuisheni ya hisabati hapa Ngamiani, Tanga, huja na daftari la makosa tayari. Ukilifungua unakuta swali limenakiliwa, jibu sahihi limeandikwa kwa wino mwekundu, na pembeni neno moja: "uzembe". Daftari hilo limetunza jibu, ambalo hata kitabuni lipo, likautupa mstari uliokosewa. Mimi nautaka huo mstari.

Kwa kila kosa naomba vitu vitatu: mstari wa mwisho uliokuwa sawa, mstari uliofuata kama ulivyoandikwa bila kusafishwa, na sentensi moja inayosema kilichofanyika hapo. Neno "uzembe" nimelipiga marufuku. Huwezi kumtungia mtu zoezi la uzembe.

Chukua daftari la kijana mmoja wa kidato cha tatu. Wiki moja lilikuwa na makosa matatu, kila moja chini ya mada yake. La kwanza, kufungua mabano:

```
3(x − 2) − 2(x − 5) = 7
3x − 6 − 2x − 10 = 7
```

Akapata x = 23, ilhali jibu ni 3. La pili, milinganyo miwili ya x na y: 3x + 2y = 12 na 3x − 4y = −6. Alipotoa wa pili kutoka wa kwanza ili x iondoke, 2y − (−4y) akaiandika −2y badala ya 6y. La tatu, mwinamo wa mstari: 5 − (−3) ikawa 2.

Ukipanga daftari kwa mada, utampa mazoezi ya mabano, ya milinganyo na ya mwinamo, na wiki nzima itakwisha hivyo. Ukipanga kwa kilichofanyika kwenye mstari, kosa linaweza kuwa moja: hasi imekutana na hasi, naye akaacha moja ipotee. Nasema "linaweza", maana lile la mabano lina maelezo mawili. Huenda hajui kwamba −2 inazidisha pamoja na alama yake, kwa hiyo anaiacha alama ya ndani kama alivyoikuta. Au anajua, ila hasi mbili zikikutana ndipo anapokwama.

Maswali mawili yanatosha kutofautisha. Mpe −2(x + 5) na −2(x − 5). Akijibu la kwanza −2x + 10, basi anaiacha alama ya ndani, na dawa yake ni kurudi kwenye kuzidisha mabano. Akijibu −2x − 10, ambalo ni sahihi, kisha la pili akalikosa, tatizo ni hasi mbili. Huyu wetu alipata la kwanza, akakosa la pili.

Hapo ndipo zoezi la wiki linapotungwa. Natoa maswali kumi na mawili, matatu kwa siku kwa siku nne, na sharti ni kuyachanganya. Manane yana hasi mbili zinazokutana, yametoka kwenye mada zote tatu. Manne hayana kabisa, ila kwa mbali yanafanana nayo, kama vile −2(x + 5), 2y − 4y, na lile ninalolipenda kuliko yote, −3 − 4.

Nalipenda kwa sababu ndilo linalofichua dawa iliyozidi. Mwanafunzi aliyekaririshwa "hasi na hasi ni chanya" ataandika −3 − 4 = 7 bila wasiwasi wowote. Kanuni ile ni ya kuzidisha na kugawanya, na ya kutoa namba hasi. −3 − 4 ni kutoka −3 ukazidi kushuka, unafika −7. Ukimpa maswali kumi na mawili yote ya hasi mbili atayapata yote, utafurahi, na wiki inayofuata utamkuta anageuza kila alama anayoiona.

Kila jibu la mlinganyo alirudishe kwenye swali. Akiweka 23 pale juu, 3 × 21 − 2 × 18 inatoa 27, si 7, na anagundua mwenyewe kabla sijafika. Kwenye mwinamo hakuna njia hiyo, kwa hiyo nahimiza mchoro wa haraka: kutoka −3 kupanda hadi 5 si hatua mbili.

Kosa silifuti daftarini wiki ile ile. Nasubiri wiki mbili tatu, kisha napenyeza swali moja la aina hiyo katikati ya kazi ya mada nyingine, bila kusema kitu. Akilipata, tunalipiga mstari. Akilikosa, linarudi kwenye zoezi la wiki.

Na kosa lililotokea mara moja tu? Linaandikwa, halitungiwi zoezi. Mengi ya hayo hutokea mwishoni mwa kazi ndefu, saa za usiku, na hayo sijaona zoezi la hisabati linaloyatibu.