Risiti hazipo na floti haijakaa sawa: hapo usisaini kwanza

Sisi wakaguzi wa ndani hili tunakutana nalo sana, mtunza peti keshi analeta ombi la kurudishiwa hela, risiti nyingine hazipo alafu ukihesabu sanduku halikubali. Watu wengi wanayachanganya haya mawili yawe tatizo moja na hapo ndo wanakwama, yani risiti kukosekana ni jambo lake na floti, ile hela ya peti keshi iliyopangwa ambayo keshi na vocha lazima zifikie, kupungua ni jambo lake.

Chukua mfano floti ni 100,000. Kaa na mtunza fedha mwenyewe, ahesabu keshi mbele yako kabla hamjafungua daftari. Mmepata 31,300. Vocha zote ukijumlisha zinatoa 66,000. Keshi na vocha ni 97,300, kwaiyo zimepungua 2,700. Ila ombi lake linasema 68,700! Ukiona hivyo ujue hakujumlisha vocha, alichukua 100,000 akatoa keshi iliyobaki, na ukimlipa hivyo upungufu wowote unafunikwa na pesa ya ofisi bila mtu kujua.

Sasa tafuta hiyo 2,700. Kwanza angalia kama kuna kikaratasi cha mtu aliyekopa kimebaki chini ya sanduku, na kama namba za vocha zinafuatana bila kuruka. Alafu gawanya kwa 9, ikigawanyika bila baki mara nyingi kuna tarakimu zimegeuzwa, sio uhakika lakini ni pa kuanzia. Hapa inatoa 300 kamili, tukapekua vocha moja moja na kweli, moja imeandikwa 3,600 wakati risiti iliyobanwa nyuma yake ni 6,300. Vocha zinakuwa 68,700, floti imekaa. Isingepatikana, ingeandikwa kama upungufu wa keshi na mtunza fedha atoe maelezo kwa maandishi, haiingizwi kwenye matumizi mengine.

Bado risiti. Vocha tatu hazina: nauli 2,000, fotokopi 3,000 na vifaa vya usafi 7,000, jumla 12,000. Nauli mara nyingi haina risiti kabisa, kwaiyo kama taratibu zenu zinaruhusu, aliyesafiri anaandika tamko anasaini na bosi wake anathibitisha. Fotokopi muuzaji anaweza kutoa nakala. Vifaa vya usafi nenda stoo uone kama viliingia na tarehe inaendana, na hapa naomba sana, msiandike risiti mpya kwa mkono "kujazia pengo", hiyo ni kughushi hata kama hela ilitumika kihalali.

Kwaiyo leo lipa 56,700 tu. Keshi itafika 88,000, na zile 12,000 zibaki kwenye orodha ya vocha zinazosubiri, jumla 100,000. Vocha ikikamilika inaingia kwenye ombi linalofuata, ikishindikana aliyechukua hela anairudisha.