Tarehe ya mwisho huhesabiwa kwa kurudi nyuma

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiziandikia biashara ndogo za Dar es Salaam barua pepe za mauzo, na kosa ninalolijutia zaidi ni sentensi moja: "Ofa hii inaisha leo saa sita usiku." Niliiandika kwa niaba ya mchapaji wa kalenda. Wiki mbili baadaye afisa ugavi mmoja alijibu akiomba bei ileile, na mchapaji, kwa kuwa mashine zake zilikuwa na nafasi, akampa. Mwaka uliofuata afisa huyo hakujibu barua yetu hata moja mpaka Desemba ilipoingia, kwa sababu tulikuwa tumemfundisha sisi wenyewe kwamba tarehe zetu hazina maana.

Tangu hapo, kabla sijaandika tarehe yoyote namuuliza mwenye biashara: mteja akijibu kesho yake, ni kitu gani hasa atakachokikosa? Akishindwa kunitajia, siiandiki tarehe hiyo. Akinitajia, kazi yangu ni kukieleza kitu hicho kwa namna ambayo mteja anaweza kukihakiki mwenyewe.

Kalenda zina haraka ya kweli, ila haraka hiyo imo katika kazi yenyewe na wala haitokani na ofa. Tuchukue ofisi inayotaka kalenda 2,000 za ukutani ziwe zimefika katika matawi yake ya Mbeya na Mwanza ifikapo 15 Desemba. Mizigo inayosafirishwa kwa basi, pamoja na kupokelewa na kugawanywa, tuipe siku tano, kwa hiyo inapaswa kuondoka tarehe 10. Tarehe 9 ni sikukuu ya Uhuru na karakana imefungwa, hivyo kazi lazima iwe imekamilika tarehe 8. Kuchapa, kuacha wino ukauke, kukata na kufunga waya kwa idadi hiyo huichukua karakana hii siku kumi, nasi tunarudi hadi 28 Novemba. Kuidhinisha sampuli nakupa wiki nzima, kwa kuwa hapo ndipo kazi nyingi hukwama: anayepaswa kutia saini yuko safarini, au mtu anagundua kwamba nembo iliyotumwa ni ya zamani. Tumefika 21 Novemba. Ukiongeza wiki moja ya usanifu, oda inapaswa kuthibitishwa tarehe 14 Novemba.

Hesabu hiyo naiweka ndani ya barua, kwa ufupi:

"Ndugu Meneja, ili kalenda zenu zifike Mbeya na Mwanza ifikapo 15 Desemba, tunahitaji uthibitisho wa oda kabla ya 14 Novemba na idhini ya sampuli kabla ya 21 Novemba, kwa kuwa uchapaji unachukua siku kumi na tarehe 9 tumefunga. Mkithibitisha baada ya hapo bado tutawachapia kwa bei hiyohiyo, ila zitafika baada ya tarehe 15. Au mchague kalenda ya ukurasa mmoja, ambayo haihitaji waya."

Sentensi inayosema kwamba bado tutawachapia kwa bei hiyohiyo ndiyo inayowatia wasiwasi wenye biashara, maana wanahofu kwamba mteja atajipa muda. Mimi naitetea kila mara. Inamwonyesha mteja hasara halisi ya kuchelewa, na inamwezesha kumpelekea mkuu wake sababu anayoweza kuitetea kikaoni. Kichwa cha barua nacho kinabeba kazi hiyohiyo: "Kalenda za matawi: uthibitisho kabla ya 14 Novemba" kinatosha, bila herufi kubwa wala neno "haraka".

Uhaba nao nautaja pale tu unapohesabika. Mashine moja ikiweza kumaliza oda saba katika kipindi hicho, na tano zimeshalipiwa malipo ya awali, naandika kwamba zimebaki nafasi mbili. Namba hiyo naipata kwa msimamizi wa karakana asubuhi ileile ya kutuma, kwani barua hukaa kwenye kisanduku na huenda ikafunguliwa siku tatu baadaye. Kwa hiyo naongeza "hadi leo asubuhi, 10 Novemba". Oda moja ikifutwa, barua inayofuata inasema nafasi zimekuwa tatu. Wateja wawili wanaofahamiana wakilinganisha barua zao, wanapaswa kukuta maelezo yanayopatana.

Ziko bidhaa zisizo na tarehe kabisa. Mchapaji huyohuyo anauza karatasi zenye nembo ya ofisi, na hizo huchapwa mwaka mzima kwa bei moja. Huko siweki tarehe ya mwisho. Naandika kwamba kazi inachukua siku sita tangu sampuli kuidhinishwa, kisha namuuliza mteja: "Karatasi mlizonazo stoo zitawatosha hadi lini?" Akijibu kwamba zitaisha mwisho wa mwezi, tarehe imetoka kwake, nami namrudishia hesabu ya siku zilizobaki.