Dawa ya kuharakisha uchungu: kinachotokea ndani ya tumbo

Mimi ni muuguzi mkunga katika wodi ya uzazi hapa Nairobi. Akina mama huniuliza juu ya miti shamba ya kila namna, na si yote inayonitisha. Tangawizi kidogo kwenye chai ya asubuhi, ya kutuliza kichefuchefu, sina neno nayo. Ninayoiogopa ni ile dawa inayonywewa wiki za mwisho ili uchungu uanze, au usiku ambao uchungu umeshaanza ili mtoto atoke upesi. Mara nyingi hutumwa na jamaa kutoka mashambani ikiwa imetiwa kwenye chupa ya maji, au hununuliwa sokoni ikiwa mizizi na maganda yaliyokaushwa, kisha ikachemshiwa jikoni Kayole au Kawangware.

Wengi hudhani tunaikataza kwa sababu ni uchafu au ushirikina. Sivyo. Baadhi ya dawa hizi zina nguvu ya kweli juu ya mfuko wa uzazi. Katika miaka ya 1960, daktari Mnorwe Lorents Gran, akifanya kazi Kongo, aliona wanawake wakinywa maji ya mmea uliochemshwa ili kuharakisha uzazi. Mmea huo kitaalamu unaitwa Oldenlandia affinis. Alipouchunguza alipata ndani yake protini ndogo inayoubana mfuko wa uzazi, nayo ikapewa jina la kalata B1. Protini nyingi huharibika zikichemshwa au zikifika tumboni. Hii haiharibiki, kwa sababu imejifunga kama mkufu usio na ncha, tena ikakazwa kwa vifundo vitatu. Kwa hiyo anayeniambia, "Sista, niliichemsha vizuri," bado hajaniondolea wasiwasi.

Shida ya kubana sana ni hii. Mtoto aliye tumboni hupata hewa kupitia damu ya mama inayofika kwenye kondo. Kila mara mfuko unapojibana, mishipa ya damu inayopita kwenye ukuta wake hubanwa pia, na damu hupungua. Mfuko ukilegea, damu hurudi na mtoto huvuta nguvu. Uchungu mzuri hauzidi mara 5 katika dakika 10, na katikati yake tumbo hulainika. Ukizidi hapo, mtoto anakosa nafasi ya kupumzika. Mapigo ya moyo wake, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, huanza kushuka. Huenda akajisaidia humo ndani, na maji yakatoka ya kijani.

Hospitalini nasi tunaongeza uchungu, na watu wana haki ya kuuliza tofauti iko wapi. Dripu ya oksitosini tunaianza kwa matone machache na kuipandisha polepole, huku mkono ukiwa juu ya tumbo na moyo wa mtoto ukisikilizwa. Mambo yakienda vibaya tunaifunga, na nguvu yake hupungua ndani ya dakika chache. Kikombe kilichokwisha kunywewa hakifungiki. Wala hakuna anayejua nguvu yake, kwa kuwa mzizi uliochimbwa leo na ule wa mwaka jana hautoi kiasi kimoja, na aliyechemsha kwa saa mbili hakupata kilekile cha aliyechemsha kwa dakika kumi.

Nieleze kisa kimoja, ambacho nimekibadilisha kidogo ili mwenyewe asitambulike. Mama wa mimba ya pili alifika usiku wa manane, wiki 40 zikiwa zimepita kwa siku chache. Alisema uchungu ulianza saa tatu usiku. Njia ilikuwa imefunguka sentimita 4 tu, lakini mkono wangu tumboni ulihesabu uchungu mara 7 katika dakika 10, na tumbo halikulainika katikati. Moyo wa mtoto ulishuka hadi 90 na kuchelewa kupanda. Uchungu mkali namna hiyo kwa mtu ambaye hajawekewa dawa yoyote una maelezo machache. Sababu moja ni kondo kubanduka mapema, na hilo tuliliangalia kwanza. Hakuwa anatoka damu. Nyingine ni kitu alichokunywa.

Nilimwomba mama mkwe wake atoke kidogo, nikainama karibu na mgonjwa. "Mama, sikugombezi. Umekunywa nini, na saa ngapi? Nataka kujua ili nimsaidie mtoto." Akasema glasi mbili, moja saa mbili na nyingine saa nne. Jibu hilo lilibadilisha usiku wote. Tulijua kwamba glasi ya pili huenda bado inafanya kazi, na kwamba dripu ya kuongeza uchungu haipaswi kumkaribia hata kama baadaye uchungu ungepungua. Tulimlaza kwa ubavu wa kushoto, tukampa maji ya mshipani, na daktari akaagiza sindano ya terbutalini, mikrogramu 250 chini ya ngozi, ya kulegeza mfuko. Ulilegea kwa muda, lakini moyo wa mtoto haukutulia, mama akapelekwa kufanyiwa upasuaji. Mtoto alitoka amelegea. Tulimsaidia kupumua kwa mfuko wa hewa na barakoa, kisha akalia. Yule mama alikunywa dawa ile kwa sababu aliogopa upasuaji.

Mafuta ya mbarika nayo yako katika kundi hili, ingawa watu huyaona kama dawa ya kuharisha tu. Mwaka 2012 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwa panya kwamba asidi iliyomo hugusa vipokezi vilevile kwenye utumbo na kwenye mfuko wa uzazi. Anayeyanywa anaweza kuharisha hadi akaishiwa maji, kisha akaingia kwenye uchungu akiwa hana nguvu.

Kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji, sina nafasi ya kulegeza neno: asiguse kabisa. Kovu la mfuko ni mahali dhaifu, na uchungu uliopita kiasi unaweza kulichana. Dalili zake ni maumivu makali yasiyoachia, wakati mwingine palepale penye kovu, au uchungu uliokuwa mkali kukatika ghafla huku mama akizidi kuishiwa nguvu na moyo kumwenda mbio. Damu inaweza kumwagikia ndani bila kuonekana nje. Jamaa huona uchungu umetulia wakadhani amepata nafuu.

Kama umeshakunywa, usiongeze. Weka kiganja juu ya tumbo na uhesabu kwa dakika 10. Uchungu ukizidi mara 5, au tumbo likikaa gumu kwa dakika mbili bila kulainika, au maji yakiwa ya kijani, au damu ikitoka, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje asubuhi. Hata bila dalili hizo, nenda ukasikilizwe moyo wa mtoto. Beba chupa au kipande cha mzizi, na useme saa uliyokunywa kabla hujawekewa dawa yoyote.

Ninaowapokea wengi walikunywa kwa kuamini kwamba siku zimepita. Anza kwa kuuliza siku hizo zilihesabiwaje. Picha ya mimba iliyopigwa kabla ya wiki 24 hukadiria umri vizuri kuliko ile ya mwezi wa nane, na tarehe ya hedhi ya mwisho iliyobahatishwa inaweza kukosea kwa wiki kadhaa. Tarehe zikiwa za uhakika na ukafika wiki 41, uliza kliniki kuhusu kuanzishiwa uchungu hospitalini. Ukiwa chini ya hapo na mtoto anacheza vizuri, hujachelewa, na tarehe ya kurudi kliniki iandikwe kwenye kijitabu chako kabla hujaondoka.