Mjukuu wa msitu uliofyekwa anamdai nani?

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa maadili kwa nini tusimalize misitu, jibu huja haraka: tutawadhulumu wajukuu zetu. Hapo huwapa mfano huu.

Kijiji kinakunywa maji ya chemchemi iliyo chini ya msitu. Wazee wana njia mbili: kukata miti kwa kiasi huku wakipanda mingine, au kufyeka yote, wauze mbao na mkaa, waishi kwa raha. Wakafyeka. Miaka 150 baadaye chemchemi imekauka, na binti mmoja, tumwite Zawadi, hutembea saa mbili na ndoo kichwani. Maisha yake ni magumu, ila anayapenda. Jioni husuka nywele za mdogo wake wakicheka. Hatamani kamwe kwamba asingezaliwa.

Je, wazee wale walimdhulumu? Kumdhuru mtu, kwa kawaida, ni kumfanya awe na hali mbaya kuliko ambayo angekuwa nayo. Lakini fedha za mbao zilileta barabara na wachuuzi, vijana wakaoa kwingine. Hata waliooana vilevile hawakupata mimba siku ileile. Na mtu hutoka katika yai moja na mbegu moja: mimba ikichelewa mwezi, anazaliwa mwingine, kama dada yako alivyo mtu mwingine ingawa mmechangia baba na mama. Rudia hayo vizazi vitano. Msitu ungetunzwa, kijiji kingekuwa na watu na maji tele, ila Zawadi asingekuwamo.

Derek Parfit, mwanafalsafa Mwingereza aliyelichambua tatizo hili katika kitabu chake cha mwaka 1984, aliuliza nani anaweza kusema kwa hakika kwamba angezaliwa hata kama reli zisingebuniwa. Huku kwetu swali hilo lina uzito. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901 ilikutanisha watu ambao wasingeonana kamwe.

Wapo wanaohitimisha kwamba basi wazee hawakukosea. Mimi sikubali, na Parfit hakukubali. Alipendekeza tuache kumtafuta aliyedhurika, tulinganishe: ikiwa idadi ya watu ni ileile katika njia zote mbili, ni vibaya kuchagua ile ambayo watakaoishi watakuwa na hali duni kuliko wale ambao wangeishi badala yao. Kwa hiyo kosa lipo, ingawa Zawadi hana dai lake binafsi. Ugumu huanza idadi zikitofautiana, kwa sababu ukijumlisha tu mema ya maisha, umati mkubwa mno wenye maisha ya dhiki unaweza kuonekana bora kuliko watu wachache wenye neema. Parfit mwenyewe alikiri katika kitabu hicho kwamba hajapata nadharia ya kulitatua hilo.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kuhusu watoto waliokuwa tayari wamezaliwa siku shoka la kwanza liliposhuka. Hao si sehemu ya fumbo hili. Walikuwapo, wangekuwapo vyovyote vile, na yule aliyezeeka akiiona chemchemi inapungua ana dai kamili.