Umekatwa mara mbili kwenye kadi? Usiandike "siutambui muamala"

Mfanyabiashara wa korosho analala hoteli moja ya Shangani, Mtwara, siku mbili, bili shilingi 180,000. Anaingiza kadi na namba ya siri, mtandao unakatika, risiti haitoki. Mhudumu anarudia, safari hii risiti inatoka. Taarifa ya akaunti inaonyesha mistari miwili ya 180,000, tarehe 14 Oktoba. Tuuchukue mfano huu.

Dhana: huo ni wizi, kwa hiyo barua ya madai kwa benki yako iseme "siitambui miamala hii".
Hapa ndipo wengi wanapoharibu madai yao. Ukisema huutambui muamala, shauri linapelekwa kwenye udanganyifu na kadi inaweza kufungwa. Hoteli ikiulizwa, itaonyesha kwamba namba ya siri iliingizwa, na kweli uliiingiza. Dai lako halali linaanguka kwa sababu ya neno lisilo sahihi.

Makato yaliyorudiwa yana fungu lake. Barua ikiri malipo moja na kupinga moja tu, hivi:

"Kati ya miamala miwili ya shilingi 180,000 ya tarehe 14 Oktoba, ule wenye namba ya idhini 204896 ni wangu, na risiti yake nimeambatisha. Mwingine ni marudio ya malipo hayohayo. Sikupata huduma nyingine. Naomba nirejeshewe shilingi 180,000."

Namba ya idhini ipo kwenye risiti ya mashine, mara nyingi kando ya `APPR CODE`. Ambatisha pia bili ya hoteli, maana kiasi kufanana si ushahidi: mtu anaweza kulipia vyumba viwili vya bei ileile. Bili ya chumba kimoja ndiyo inayofunga mjadala huo.

Dhana: mstari ukionekana tu, pesa imeshafika hotelini.
Si lazima. Kadi ikikubaliwa, benki kwanza inazuia kiasi hicho. Hoteli inakipata baadaye, ikituma madai yake. Muamala uliokatikia njiani huenda ukabaki zuio tu, likaachiwa lenyewe baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo uliza tawini: mstari wa pili umeshalipwa au bado unasubiri? Ukiwa unasubiri, barua ni ya mapema. Ukiwa umelipwa, iombe kwanza hoteli irudishe kwenye kadi ileile, na jibu lake, hata la kukataa, liambatishe. Ukipokea taslimu huku dai liko benki, utaonekana unalipwa mara mbili.

Dhana: andika namba yote ya kadi ili wakupate haraka.
Tarakimu nne za mwisho na namba ya akaunti zinatosha. Namba ya siri haiandikwi kamwe.

Dhana: muda upo.
Kwa kadi za Visa, benki yako ina siku 120 tangu muamala uchakatwe kuwasilisha pingamizi la aina hii, na siku barua inazokaa mezani zimo humohumo. Ipeleke mwenyewe, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Benki isipokuridhisha, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka kwenye malalamiko ya Benki Kuu, ambayo ina tawi Mtwara.